Kutoka “from the” hadi “dallo”: jinsi ya kuchagua vihusishi vilivyoungana vya Kiitaliano

Sentensi ya mwanzo kabisa ambayo wengi wetu hujifunza kwa Kiitaliano ni ya kujitambulisha, na kosa la kwanza hutokea hapo hapo. Kitabu cha Kiingereza kinasema *I come from Tanzania*. Mwanafunzi anajua kwamba *from* ni *da*, anaona Kiingereza hakikuweka *the*, basi anaandika *Vengo da Tanzania*. Mwitaliano atamwelewa, lakini yeye mwenyewe husema *Vengo dalla Tanzania*. Mtu wa Kenya atasema *Vengo dal Kenya*, wa Uganda *Vengo dall'Uganda*, na wa Zanzibar *Vengo da Zanzibar* tu, bila nyongeza yoyote. Kiingereza kina *from* moja, Kiitaliano kimetoa maneno manne. Tena mtu yule yule akitaka kusema anaishi Tanzania, nyongeza inatoweka: *Vivo in Tanzania*, si *nella Tanzania*.

Wengi wetu tunakifikia Kiitaliano kupitia Kiingereza. Ndivyo ilivyo hasa Malindi, Watamu na pwani ya mashariki ya Unguja, ambako Kiitaliano ni lugha ya kazi: mtu anapewa tangazo la hoteli, orodha ya vyakula au maelezo ya safari kwa Kiingereza, na anatakiwa kuyatoa kwa Kiitaliano. Hapo ndipo *nel, nello, dal, dallo, sulla, degli* na ndugu zao huanza kumsumbua. Wanaofundisha mara nyingi humpa jedwali la maumbo akariri. Jedwali si baya, lakini halimwambii ni lini achague lipi, na ugumu wote uko kwenye kuchagua.

Kila mara unapofika kwenye kineno cha namna hii, kuna maswali matatu ya kujibu, na yanafuatana. Kwanza, Kiitaliano kinataka kihusishi gani hapa? Pili, nomino hii, mahali hapa, inachukua kibainishi, yaani kile kineno kinachofanya kazi inayofanana na ya *the*? Tatu, neno litakalofuata linaanza na sauti gani? Kiingereza kinakusaidia kidogo kwenye swali la kwanza, kinakupotosha kwenye la pili, na kuhusu la tatu hakijui lolote. Nitaanza na la tatu kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote.

Maumbo na sauti

Vibainishi vya Kiitaliano vinavyolingana na *the* ni saba: *il, lo, l', la* kwa umoja, na *i, gli, le* kwa wingi. Vihusishi vitano, yaani *di, a, da, in* na *su*, vikikutana na kimojawapo cha hivyo saba huungana nacho na kuwa neno moja. Hakuna hiari. Hakuna Mwitaliano anayesema *in il* au *da lo*, awe sokoni au mahakamani. Kiswahili nacho huunganisha *na mimi* ikawa *nami*, lakini sisi tuna uhuru wa kuacha maneno hayo mbalimbali. Uhuru kama huo Kiitaliano kinautoa kwa *con* pekee: unaweza kuandika *con il* au *col*, na ukiwa na shaka andika *con il*, haina hatari. *Per*, *tra* na *fra* haziungani katika Kiitaliano cha leo. *Pel* utaikuta kwenye maandishi ya zamani tu.

Vihusishi vitano mara vibainishi saba ni maumbo 35, lakini huna haja ya kukariri 35. Jifunze kuyaunda. *Di* hugeuka *de*, na *in* hugeuka *ne*. *A, da* na *su* hubaki kama zilivyo. Kisha tazama kinachokuja baada ya herufi *l* ya kibainishi. Ikifuatwa na irabu au na alama ya kukata, *l* hiyo inaandikwa mara mbili: *dello, nella, dalle, sull', all'*. Kibainishi *il* hupoteza *i* yake na kubaki na *l* moja: *del, nel, dal, al, sul*. *I* na *gli* zinabandikwa tu mwishoni: *dei, nei, dai* na *degli, negli, dagli*. Zile *l* mbili zina historia. Vibainishi hivi vimetokana na neno la Kilatini *ille*, maana yake “yule”, ambalo lina *l* mbili. *In illa* ilipoteza *i* ya mwanzo na baada ya karne nyingi ikatulia kuwa *nella*. *De illo* ikawa *dello*. Ukilijua hilo hutaandika tena *dela* au *nela*, kosa linaloonekana sana kwenye mabango.

Linabaki swali la kuchagua kati ya *il* na *lo*, ambalo ndilo linaloamua kama utaandika *dal* au *dallo*. Neno la kiume likianza na irabu, tumia *l'*. Likianza na *s* inayofuatwa na konsonanti, au na *z, gn, ps, x* au *y*, tumia *lo*. Mengine karibu yote ya kiume huchukua *il*. Kwa wingi, anayetumia *il* hupata *i*, na anayetumia *lo* au *l'* hupata *gli*. Kwa jinsi ya kike kuna *la* mbele ya konsonanti, *l'* mbele ya irabu, na *le* kwa wingi wote, hata mbele ya irabu: *nelle isole*, “katika visiwa”, huandikwa kamili bila kukatwa. Herufi *h* haitamkwi, kwa hiyo *hotel* huhesabiwa kuwa linaanza na irabu: *nell'hotel, dall'hotel*.

Mfano wa *dallo* ulio karibu nasi kuliko yote ni jina la lugha yetu. Waitaliano husema *lo swahili*, kwa sababu ya *s* inayofuatwa na *w*. Anayefasiri Kiswahili kwenda Kiitaliano hufanya kazi *dallo swahili all'italiano*. Anayefasiri Kiingereza hufanya kazi *dall'inglese all'italiano*. Kwa Kiingereza kote kungekuwa *from*, bila *the* hata moja.

Sasa jambo ambalo jedwali halionyeshi. Nimesema “neno litakalofuata”, sikusema “nomino”. Umbo huamuliwa na neno linaloigusa papo hapo, liwe nomino, kivumishi au namba. *Zaino* ni mkoba wa mgongoni, neno la kiume linaloanza na *z*, kwa hiyo “ndani ya mkoba” ni *nello zaino*. Ukisema “ndani ya mkoba wenu”, Kiitaliano hutanguliza “wenu”, na umbo linabadilika mara moja: *nel vostro zaino*. Ukisema “ndani ya mkoba ule ule”, linarudi: *nello stesso zaino*. Kwa njia hiyo hiyo “tangu mwaka jana” inaweza kuwa *dall'anno scorso* au *dallo scorso anno*. Maana ni moja na maneno ni yale yale. Mpangilio tu ndio uliobadilika, na kihusishi kikaufuata.

Kwa mfasiri hili lina matokeo ya moja kwa moja. Kiingereza hutanguliza vivumishi karibu daima, Kiitaliano huviweka nyuma mara nyingi ila si kila mara. Ukiandika kihusishi kabla hujaamua kivumishi kikae wapi, unaandika kwa kubahatisha. Panga kwanza maneno ya sentensi, kisha rudi uunganishe. Na ukirekebisha maandishi yaliyokwisha, kila unapoingiza kivumishi mbele ya nomino, angalia kineno kilicho kushoto kwake. *Nell'ufficio* ikiongezewa “mpya” mbele haiwi *nell'nuovo ufficio*, bali *nel nuovo ufficio*. Mabaki ya aina hii ni rahisi kuyanasa: tafuta kwenye faili lako kila *nell'*, *dell'*, *dall'*, *all'* na *sull'*, na hakikisha kila moja inafuatwa na irabu au *h*, tena bila nafasi baada ya alama ya kukata.

Kibainishi kipo au hakipo?

Hili ndilo swali linalowashinda wengi, na sababu yake ni imani kwamba *the* ya Kiingereza na kibainishi cha Kiitaliano ni kitu kimoja. Vinakutana mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu aamini hivyo, na kutofautiana mara nyingi kiasi cha kumharibia kazi.

Turudi kwenye nchi. Majina ya nchi kwa Kiitaliano kwa kawaida yana kibainishi: *la Tanzania, il Kenya, l'Uganda, il Burundi, l'Oman*. Kwa hiyo *di*, *da* na *su* zikitangulia, muungano hutokea: *il presidente del Kenya*, *un libro sulla Tanzania*, *una lettera dall'Oman*. Ila *in* ikitumika kwa maana ya kuwepo nchini au kwenda nchini, kibainishi huachwa: *in Kenya, in Uganda, in Italia*. Huachwa jina likiwa moja na tupu. Likiwa la wingi au la maneno kadhaa ya kawaida, hurudi: *negli Stati Uniti*, *nel Regno Unito*, *nella Repubblica Democratica del Congo*. Hurudi pia ukibainisha sehemu au wakati: *in Italia*, lakini *nell'Italia meridionale*, “kusini mwa Italia”.

Miji haina kibainishi: *a Mombasa, da Dodoma, di Roma*. Na visiwa kama vyetu hufuata miji: *a Zanzibar, a Pemba*. Iko miji michache ambayo kibainishi ni sehemu ya jina lake, na hiyo huungana kama nomino ya kawaida. Kairo ni *Il Cairo*, kwa hiyo anayekwenda huko huenda *al Cairo*. Makka ni *La Mecca*. Hija ni *il pellegrinaggio alla Mecca*, na mahujaji hurejea *dalla Mecca*. Mji wa L'Aquila, katikati ya Italia, ni hivyo hivyo: *all'Aquila*. Kiingereza hakikupi ishara yoyote katika yote haya, maana chenyewe huandika *in Cairo, to Mecca*.

Upande wa pili ni maneno ya mahali pa kila siku. Kiingereza husema *in the kitchen, in the bank, in the office*, na anayefasiri neno kwa neno huandika *nella cucina, nella banca, nell'ufficio*. Si makosa ya sarufi, lakini mara nyingi si anachosema Mwitaliano. Yeye husema *in cucina, in banca, in ufficio, in camera, in biblioteca*, na pia *a casa, a scuola, a letto*. Mahali hapa hapataji jengo fulani. Panataja aina ya mahali na shughuli yake. Kibainishi hurudi pale unapomtaja mwenye nacho au unapopaeleza: *in cucina*, “jikoni”, lakini *nella cucina della nonna*, “katika jiko la bibi”, *in ufficio*, lakini *nell'ufficio del direttore*.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, na sielewi kwa nini msaada huu hautumiwi madarasani. Sikiliza unavyosema mwenyewe. Nomino ikiwa peke yake unaiwekea *-ni* na kuendelea: jikoni, ofisini, shuleni. Nomino ikipata maelezo, mara nyingi unahamia kwenye “katika” au “kwenye”: katika ofisi ya mkurugenzi, kwenye shule aliyosoma baba. Mhamo huo unakaribiana sana na ule wa kutoka *in ufficio* kwenda *nell'ufficio del direttore*. Haulingani moja kwa moja, kwa kuwa tunaweza kusema pia “ofisini kwa mkurugenzi”, na yako maneno ambayo huwa na kibainishi hata yakiwa peke yake: sokoni ni *al mercato*, baharini kwa mapumziko ni *al mare*, kwenye uwanja wa ndege ni *all'aeroporto*. Hayo hujifunzwa pamoja na nomino yenyewe, kama tunavyojifunza ngeli. Lakini ukiona *in the* ya Kiingereza na kichwani mwako imekuja nomino moja yenye *-ni*, simama kabla ya kuandika *nel* au *nella*, na uliangalie neno hilo kwenye kamusi ya Kiitaliano. Tafuta chini ya nomino, si chini ya kihusishi: mfano wa *in banca* utaupata kwenye *banca*, wakati maelezo ya *in* yanaweza kujaza kurasa mbili.

Kuna pia kundi la nomino za dhana na za jumla, ambako Kiingereza huacha *the* na Kiitaliano hutaka kibainishi. *The history of medicine* ni *la storia della medicina*. *The price of sugar* ni *il prezzo dello zucchero*. Ukiongea juu ya kitu chote kwa jumla, Kiitaliano hukipa kibainishi, na *di* iliyo mbele yake lazima iungane. Anayefuata Kiingereza ataandika *il prezzo di zucchero*, na Mwitaliano atasita, kama sisi tunavyosita tukisikia upatanisho usiolingana na ngeli.

Vimilikishi navyo vina tabia yao. Kiingereza kikisema *my* hakiweki *the*. Kiitaliano huviweka pamoja: *nella mia borsa*, “ndani ya begi langu”, *sul tuo tavolo*, “juu ya meza yako”. Isipokuwa jamaa wa karibu katika umoja: *da mio padre, di mia madre, a tuo fratello*, bila muungano. Wakiwa wengi, kibainishi hurudi: *dai miei fratelli, delle mie zie*. Na “-ao”, yaani *loro*, hukitaka daima: *dal loro padre*.

Kihusishi chenyewe

Kuhusu swali la kwanza, kihusishi gani, siwezi kulimaliza, na hakuna anayeweza kulimaliza kwa makala moja. Nitataja mahali pamoja tu ambapo Kiingereza huvuruga na Kiswahili hunyoosha, kwa sababu ndipo *dal* na *dallo* hutumika kwa namna inayowashangaza wanafunzi.

Wanafundishwa kwamba *da* ni *from*. Kisha wanakutana na *Vado dal medico* na wanadhani mtu anatoka kwa daktari, kumbe anakwenda. Kwa Kiitaliano, mahali panapotajwa kwa jina la mtu au kazi ya mtu huchukua *da*, uwe unakwenda, unakaa au unatoka. *Vado dal medico*, naenda kwa daktari. *Sono dallo zio*, niko kwa mjomba. *Torno dall'avvocato*, narudi kutoka kwa wakili. Kiingereza kingetumia *to, at* na *from* katika sentensi hizo tatu, na mwanafunzi angetafuta vihusishi vitatu. Kiswahili kina “kwa” katika zote tatu. Kwa hiyo tumia jaribio hili: ukiona *to the doctor, at my uncle's, at the lawyer's*, jiulize ungesemaje kwa Kiswahili. Jibu likiwa “kwa” ikifuatwa na mtu anakofikiwa, Kiitaliano kinataka *da*. Jibu likiwa *-ni*, kama dukani au hospitalini, basi tafuta *in* au *a*. Ndiyo maana *dal medico* na *in ospedale* hukaa katika sentensi moja bila kugombana.

Jaribio hilo lina mpaka wake. “Kwa” ya kumwelekezea mtu kitu, kama barua kwa mjomba, ni *a*: *una lettera allo zio*. Na “kwa” ya chombo au njia, kama kwenda kwa gari au kukata kwa kisu, haihusiani kabisa: huko kuna *in macchina* na *con il coltello*.

Kufasiri tangazo moja

Chukua tangazo la aina inayobandikwa kwenye mapokezi ya hoteli ya Watamu, kwa Kiingereza:

*The boat leaves from the beach at eight and returns at one. Put water and sunscreen in your backpack. Leave your passport in the safe in your room. The best fish on the coast is served in the hotel restaurant, open since 1998. If you feel sick, go to the doctor in Malindi.*

Nami ningelitoa hivi:

*La barca parte dalla spiaggia alle otto e torna all'una. Mettete nello zaino l'acqua e la crema solare. Lasciate il passaporto nella cassaforte della camera. Il miglior pesce della costa si mangia al ristorante dell'albergo, aperto dal 1998. Se vi sentite male, andate dal medico a Malindi.*

*Dalla spiaggia* ni rahisi: kutoka ni *da*, ufuo huu unajulikana, *spiaggia* ni neno la kike linaloanza na konsonanti. Saa ndizo za kuangalia. Kiingereza husema *at eight, at one* bila *the*, lakini saa za Kiitaliano zina kibainishi cha kike kwa sababu neno *ore* limefichwa ndani yake. Saa mbili asubuhi ni *alle otto*, kwa wingi. Saa saba mchana ni moja kwao, kwa hiyo ni umoja mbele ya irabu, *all'una*. Saa sita mchana na saa sita usiku hazimo katika utaratibu huu: *a mezzogiorno, a mezzanotte*.

*In your backpack* ina *your*, na mfasiri mwangalifu atataka kuihifadhi: *nel vostro zaino*. Ni sahihi. Nimeiacha kwa sababu Kiitaliano hakipendi kumtaja mwenye kitu pale ambapo hakuna shaka ni cha nani, na mara kimilikishi kilipoondoka, *zaino* ikagusana na kihusishi na *nel* ikawa *nello*. Pasipoti nayo nimeifanyia vivyo hivyo: *il passaporto*, si *il vostro passaporto*.

Katika *in the safe in your room* Kiingereza kina *in* mbili. Ya kwanza ni ya ndani hasa, *nella cassaforte*. Ya pili haisemi kitu kiko wapi, inasema sefu hiyo ni ya chumba kipi, na Kiswahili kingesema “sefu ya chumbani”. Kwa hiyo nimechagua *di*: *della camera*. Ungeweza pia kuandika *nella cassaforte in camera*, na hapo *camera* ingebaki bila kibainishi kama *cucina* na *ufficio* za hapo juu. Kisichofaa ni *nella cassaforte nella vostra camera*: kila neno lina jozi yake ya Kiingereza, na sentensi nzima inasomeka kama fomu.

*The best fish on the coast*: hapa *on* ingemvuta mtu kwenye *sulla costa*. Lakini baada ya “bora kuliko wote”, Kiitaliano hutaja eneo la mashindano kwa *di*, kama sisi tunavyosema “samaki bora wa pwani”. Kwa hiyo *della costa*. Ukiandika *Il miglior pesce sulla costa*, msomaji anaweza kudhani unaeleza samaki walipo, si sifa yao. *The hotel restaurant* haina kihusishi chochote kwa Kiingereza. Nomino mbili zimebanana tu. Kiitaliano lazima kizitenganishe: *il ristorante dell'albergo*. Maneno ya Kiingereza yaliyobanana namna hiyo ni mahali pengine pa kuangalia sana, kwa kuwa unatakiwa kuzaa kihusishi ambacho asili haikuwa nacho. Na mbele yake, *al ristorante* ndiyo ya kawaida mtu anapokwenda kula. *Nel ristorante* ingesisitiza ndani ya jengo, kwa mfano ukisema kuna mashine ya kutolea pesa humo.

*Since 1998* ni *dal 1998*, kwa sababu miaka ya Kiitaliano ina kibainishi *il*. Vivyo hivyo *in 1998* ni *nel 1998*, wakati miezi haina: *in agosto*. Tahadhari ni moja. Kiingereza kina *since* kwa mwanzo na *for* kwa muda, na Kiitaliano kina *da* kwa yote mawili. Kinachotofautisha ni ule muungano. *Aperto dal 1998*, tangu mwaka huo. *Aperto da dieci anni*, kwa muda wa miaka kumi sasa. Ukiandika *dai dieci anni*, msomaji ataelewa “tangu umri wa miaka kumi”, maana *dai dieci anni in su* ni “kuanzia umri wa miaka kumi na kuendelea”, na tangazo la mkahawa litageuka tangazo la watoto.

Mwisho, *dal medico a Malindi*: mtu kwanza, kwa *da* na kibainishi chake, kisha mji, kwa *a* bila kitu. Kama hoteli ina daktari wake wa meno upande wa pili wa barabara, sentensi itakuwa *andate dal dentista*. Kama ni mtaalamu wa nafsi, itakuwa *andate dallo psicologo*, kwa ajili ya ile *ps*. Na wakiwa wataalamu kadhaa wanaopokea wageni kwa zamu, *andate dagli psicologi*.